Wiki ya Mwisho ya Mfungo Sita: Ninavyomuaga Wakala na Kumtaja wa Kunishikia

Hotuba niliyoitoa mbele ya wafasiri chipukizi hapa Lamu. Nimeiandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, nikaongeza machache niliyoulizwa baada ya kushuka jukwaani.

Assalamu alaikum, na masalkheri kwa ambao salamu yao ni nyingine. Wazee wangu mliokaa mbele, mnisamehe nikizungumza huku nimeketi. Mfasiri akisimama hukosa la kusema.

Nimeombwa nieleze kazi ya mfasiri wa kujitegemea. Ni pana mno, na mengi mtayajua wenyewe mkishaungua vidole. Nitasema habari ya barua moja tu, ile ya kumwambia wakala kwamba wiki fulani hutapatikana, na kwamba yuko mwenzako wa kukushikia. Nimeichagua kwa sababu ndiyo barua iliyonipotezea wakala mmoja nilipokataa kuiandika, na ndiyo iliyonihifadhia mwingine nilipojifunza kuiandika.

Kila mtu wa Lamu anajua wiki ninayoizungumzia. Ni ile ya mwisho ya Mfungo Sita, yaani mwezi wa Rabiul Awwal, wakati wa Maulidi ya msikiti wa Riyadha. Kwangu hulala wageni kutoka Pate, Siyu na Faza, na mwaka jana uani walilala watoto tisa kwenye mkeka mmoja. Jiko halizimwi moto. Usiku ni matwari, asubuhi ni zefe na mashindano ya punda, na simu za watu wote hao zinagombania mnara ule ule wa mtandao. Asiyekuwa na chumba cha peke yake hawezi kufasiri hata risiti. Mimi sina chumba cha peke yangu.

Sasa, wakala wangu yuko Nairobi, na wateja wake wengi wako Ulaya. Kalenda ya ofisini kwao ina Krismasi, Pasaka, Idi na siku ya Mashujaa. Maulidi haimo. Kwa jirani zetu wa Tanzania ni sikukuu ya taifa, lakini hapa Kenya siyo, na ya Lamu hata hapo haiangukii siku ile ya kumi na mbili bali mwisho wa mwezi. Tena kila mwaka inarudi nyuma kama siku kumi na moja kwa hesabu ya Kizungu. Kwa hiyo yule bibi anayegawa kazi hana njia ya kukumbuka kwamba mwaka jana niliomba wiki hiyo hiyo, kwa sababu kwake haikuwa hiyo hiyo. Kumkumbusha ni kazi yangu.

Nianze na kosa langu.

Katika mwaka wangu wa nne wa kazi, wiki ya Maulidi ilinikuta na hati ya kurasa kumi na mbili ya wakala mwingine, ambaye sitamtaja. Niliona haya kuomba ruhusa. Nilihofu wakiniona siwezi watatafuta mwingine. Nikampa mpwa wangu, kijana msomi, Kiingereza chake kizuri kuliko changu. Akafasiri, nikapitia juu juu usiku, nikapeleka. Tafsiri haikuwa mbaya. Lakini kila kipande cha maandishi ndani ya programu ya tafsiri kina muhuri wake: nani amekithibitisha, tarehe gani, saa ngapi. Mpwa wangu alifanya kazi kwenye kompyuta yake, na kompyuta yake ina jina lake. Basi faili lilifika kwa mhakiki likiwa na vipande mia tatu na kitu vyenye jina la mtu ambaye wakala hakumjua, hakumwajiri, na hakuwahi kumtilisha sahihi mkataba wa usiri.

Hawakunigombeza. Waliandika mstari mmoja kuniuliza huyu ni nani. Nikajibu kweli. Wakanilipa hela zangu zote, na tangu siku hiyo sikuletewa tena hata neno moja. Nilipousoma mkataba, jambo nililopaswa kulifanya miaka minne nyuma, nilikuta kifungu kinachosema kazi isitolewe kwa mtu wa tatu bila idhini ya maandishi. Ile ilikuwa hati ya hospitali, na ndani yake mlikuwa na majina ya wagonjwa. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na mimi nilikuwa nimeyatuma majina hayo kwa WhatsApp.

Kwa hiyo shikeni hili kabla ya mengine. Unapomtaja mwenzako kwa wakala, wewe humpi kazi. Unampa wakala jina, na wakala ndiye anayetoa kazi, kwa oda yake, kwa bei aliyokubaliana na mwenzako, na malipo yanakwenda kwa mwenzako moja kwa moja. Wewe hupiti katikati hata kwa senti moja. Nimewahi kuulizwa, "Na asilimia yangu kidogo ya kumtafutia kazi?" Ukiichukua umegeuka dalali, na kazi yake ikiharibika utaulizwa wewe.

Haya. Umtaje nani?

Mara ya kwanza nilikosea tena, ila kosa hili lilikuwa la kuchekesha. Nilimtaja rafiki yangu wa hapa hapa mtaa wa Langoni. Mfasiri hodari. Nusu ya wiki bibi wa Nairobi akaniandikia kwamba mwenzangu hajibu. Hajibu vipi? Nikatoka nje kumtafuta, nikamkuta kwenye baraza ya kwao amebeba sinia la pilau. Wageni wake walikuwa wengi kuliko wangu! Mtu wa kukushikia asiwe na sikukuu yako, asiwe na mnara wako wa mtandao, na ikiwezekana umeme wake usikatike siku moja na wako.

Siku hizi anayenishikia ni dada mmoja wa Malindi, Mgiriama, Mkristo. Maulidi yangu ananishikia yeye, Krismasi na Pasaka yake namshikia mimi. Hatujawahi kuandikiana mkataba juu ya hilo, lakini tuna desturi moja tuliyoisema wazi kwa midomo yetu: mradi alioanza mmoja wetu ukirudi kwa awamu nyingine, unarudi kwa aliyeuanza. Mradi mpya ni wa atakayeitwa. Msinione mwema sana. Mwaka mmoja wakala alimwonja dada huyu kwenye mikataba ya nyumba, akaona ananishinda, na tangu hapo mikataba ya nyumba inakwenda Malindi. Iliniuma miezi miwili. Lakini ni kweli ananishinda.

Namwamini kwa nini? Si kwa urafiki. Kabla ya kulitaja jina lake popote, nilikuwa nimehakiki kazi yake kama kurasa ishirini kwa miezi kadhaa, naye amehakiki yangu. Nilikwishajua makosa yake ni ya aina gani. Yeye hutumia sentensi ndefu. Mimi, akiwa mhakiki wangu, hunikamata na Kiamu: mara moja aliniachia alama nyekundu kwenye "moya", mara nyingine kwenye "yuu", nami niliapa sikuandika hivyo mpaka nilipotazama. Na kuna dalili moja ninayoiamini kuliko nyingine zote. Mpe mtu maandishi ya maneno mia tano yenye neno moja lisiloeleweka, nyamaza, uone. Akirudisha kazi bila swali lolote, usimtaje kwa wakala wako. Yule dada alirudisha na maswali mawili, na moja lilikuwa la jambo ambalo mimi mwenyewe sikuliona.

Kisha kuna karatasi. Mawakala wengi wanafuata kiwango kiitwacho ISO 17100, cha mwaka 2015. Kiwango hicho kinataka kila tafsiri ihakikiwe na mtu wa pili asiyekuwa mfasiri mwenyewe, na kinataka mfasiri athibitishe anastahili kwa njia moja kati ya tatu: awe na shahada ya tafsiri au inayolingana nayo, au shahada ya fani nyingine pamoja na miaka miwili ya kufasiri kwa muda wote, au miaka mitano ya kufasiri kwa muda wote. Mwenzangu ana shahada ya ualimu na miaka saba ya kazi, basi amepita njia ya pili. Namwambia mapema aweke tayari cheti na orodha ya kazi zake, kwa sababu wakala huyu hamwingizi mtu mpya kwenye mfumo wake mpaka apokee vyeti, mtu huyo atie sahihi mkataba wa usiri, na afanye jaribio la maneno mia tatu ambalo mhakiki hulisoma. Kwa wakala wangu hayo yote huchukua kama siku kumi za kazi. Ukiandika Alhamisi kwamba Jumatatu haupo, huyo mwenzako hata awe bingwa namna gani, hafai kitu.

Na hapa ndipo mwezi unapoingia.

Tarehe kamili ya wiki ya Maulidi siwezi kuijua miezi miwili mbele, kwa sababu Mfungo Tano unaweza kuwa na siku 29 au 30, na sisi tunangoja mwezi uandame. Zamani jambo hili lilinifanya niseme, "Nitaandika tarehe ikijulikana," kisha nikasahau. Siku hizi naandika mara mbili. Miezi miwili kabla napeleka mistari mitatu: kwamba wiki moja, kati ya tarehe fulani na fulani, sitakuwapo, na tarehe kamili nitaithibitisha. Hiyo inamtosha bibi wa miradi asinipangie kazi kubwa hapo. Kisha mwezi wa Mfungo Sita ukiandama, siku moja au mbili baadaye naandika barua yenyewe. Wiki ya mwisho ya mwezi huanza siku ya 22 au karibu yake, kwa hiyo barua hiyo inatangulia kwa takriban siku 20. Ukitoa siku kumi za kazi za kumwingiza mtu mpya kwenye mfumo, bado zinabaki chache za dharura. Kumbe mwezi uliokuwa ukinisumbua unanipa nafasi yangu sawasawa!

Kabla ya kuiandika nampigia simu mwenzangu. Si kumwandikia ujumbe, ni kumpigia. Namuuliza mambo matatu: una nafasi wiki hiyo, unakubali nikutaje jina na barua pepe yako, na bei yako ni ipi au utaitaja mwenyewe? Mwaka mmoja alisema ana nafasi ya siku tatu tu, na barua ikasema siku tatu. Kumtaja mtu bila kumuuliza ni kumkaribisha mgeni nyumbani kwa jirani.

Nawasomea barua ya mwaka jana. Nimetoa majina. Fomu zinazotajwa humo ni za kuomba ridhaa ya watu kuingia kwenye utafiti wa dawa.

"Bibi fulani, salamu. Kama nilivyodokeza mwezi wa saba, sitapatikana kuanzia Jumatatu tarehe 15 hadi Jumapili tarehe 21, na nitarudi kazini Jumatatu tarehe 22 saa tatu asubuhi. Katika siku hizo sitasoma barua pepe.

"Fomu ya maneno 6,400 inayotakiwa Jumatano tarehe 17 nitaikabidhi mapema, Alhamisi tarehe 11 asubuhi. Naomba mhakiki anitumie maswali yake kabla ya Ijumaa jioni. Yatakayobaki baada ya hapo ayapeleke kwa mwenzangu ninayemtaja hapa chini, akikubaliana nanyi.

"Awamu ya pili ya fomu hizo, mliyoniambia itaingia Jumanne tarehe 16 ikiwa na maneno kama 3,000, sitaweza kuifanya. Napendekeza Bi. fulani wa Malindi. Anafasiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, amefanya kazi za afya kwa miaka saba, na anatumia programu ile ile ninayotumia mimi. Nimehakiki kazi zake mwenyewe. Amekubali nimtaje, na wiki hiyo ana nafasi ya maneno 2,000 kwa siku. Bei na masharti mzungumze naye. Uamuzi ni wenu.

"Mkimkubali, naomba mmfungulie ninyi jedwali la istilahi na kumbukumbu ya tafsiri za mradi huu. Mimi nitamwandalia maelezo ya ukurasa mmoja, nayo nitayapitisha kwenu kwanza."

Basi. Ndiyo barua nzima. Haina sababu ndefu. Sikumweleza habari ya wageni wala watoto tisa uani. Wengi wenu mkiandika barua kama hii mnaanza kwa kuomba radhi aya nzima, na yule bibi anatafuta tarehe haioni. Tarehe iende juu, ikiwa na siku ya wiki na tarehe pamoja, na siku ya kurudi itajwe. "Wiki ijayo sipo" haitoshi, maana yeye huenda akaisoma barua Jumatatu.

Nieleze lile la maneno 6,400, maana ndilo linalowaponyoka watu. Kazi hiyo ilikuwa yangu na tarehe yake ya mwisho ilikuwa katikati ya mapumziko yangu. Ningeweza kusema, nitaimaliza Jumapili usiku kabla ya wageni. Lakini tafsiri ikishakabidhiwa bado haijaisha, inakwenda kwa mhakiki, na mhakiki anarudi na maswali. Maswali hayo yangenikuta nachambua mchele. Nikahesabu kwa kurudi nyuma. Mimi ninafasiri kama maneno 2,000 kwa siku, na kujisomea mwenyewe ni kama maneno elfu moja kwa saa. Jumamosi 2,000, Jumatatu 2,000, Jumanne 2,000. Jumatano asubuhi yale 400 yaliyobaki, kisha saa sita na nusu za kusoma, ambazo zilikula siku yote mpaka usiku. Alhamisi asubuhi nikakabidhi. Mhakiki akapata siku mbili, akauliza maswali matano, na Ijumaa kabla ya sala nilikuwa nimeyajibu manne. La tano nilimwambia aliulize kwa mteja, maana lilikuwa kosa la Kiingereza chao.

Mkitazama, barua ile haimkabidhi mwenzangu kazi niliyokwisha kuianza. Kazi moja isikatwe vipande viwili ikiwa inaweza kuepukika. Atafanya ile inayoingia mpya, na yangu nitaimaliza mimi. Mkono wa mtu hujulikana, na mhakiki akikutana na mikono miwili ndani ya fomu moja huanza kupiga mstari hata mahali pasipo na kosa.

Na lile la mwisho, kwamba wao ndio wamfungulie. Kumbukumbu ya tafsiri, yaani ule mkusanyiko wa sentensi zote za Kiingereza na tafsiri zake tulizozithibitisha huko nyuma, mara nyingi si mali yako ijapokuwa ni jasho lako. Ni ya wakala au mteja wake, someni mikataba yenu. Usimtumie mwenzako faili lake. Na tafadhali usimpe nywila yako. Najua inarahisisha mambo. Lakini mfumo utaandika jina lako kwenye kazi yake, na siku kukitokea kosa la dozi ya dawa utatafutwa wewe kwa kosa ambalo hukulifanya, naye hatalipwa kwa jasho alilolitoa.

Ukurasa mmoja ninaomwandalia hauna siri ya mteja. Una mambo ambayo jedwali la istilahi haliyasemi. Kwamba fomu hizi zinasema na mtu mmoja, kwa hiyo ni "wewe", isiwe "ninyi". Kwamba tumechagua "mshiriki" na "mtafiti mkuu", na "mkuu wa utafiti" ilikataliwa awamu iliyopita. Kwamba mteja huandika muda wa mwisho kwa saa za Ulaya ya Kati, na 17:00 yao wakati wa kiangazi chao ni saa kumi na mbili jioni kwetu, lakini wakati wa baridi yao ni saa moja usiku. Kwamba swali lolote liende kwa bibi wa miradi, lisiende kwa mteja. Mistari kumi, kumi na miwili. Ukimpa mwenzako kurasa nane hatazisoma, wala wewe usingezisoma.

Halafu unakwenda zako. Unaweka jibu la moja kwa moja kwenye barua pepe, lenye tarehe zile zile na maneno "kwa kazi za haraka mwandikie wakala", bila jina la mwenzako, maana jibu hilo linamfikia kila mtu. Na usijibu. Mwaka mmoja nilijibu. Usiku wa pili wa Maulidi, nimekaa kwenye baraza, matwari yanalia, nikaona swali dogo la koma, nikalijibu kwa simu. Asubuhi yakaja mawili. Siku ya tatu nikaletewa hati. Bibi wa miradi hakukosea. Mimi ndiye niliyemwonyesha kwamba mlango haukufungwa.

Kijana mmoja aliniuliza nilipomaliza: je, mwenzako akiharibu? Jibu langu ni la kisa cha wiki hiyo hiyo.

Siku ya Jumatano, mwenzangu akiwa katikati ya zile 3,000, alifika kwenye sentensi inayomweleza mshiriki kwamba nusu ya watu watapewa dawa halisi na nusu watapewa plasibo, ule mfano wa dawa usio na kitu cha kutibu ndani yake. Jedwali la istilahi, lililoidhinishwa na mteja na kuandikwa na mimi, lilisema "dawa bandia". Yeye alisimama hapo. Malindi na Lamu, na pwani yote hii, ukimwambia mtu dawa bandia anafikiria dawa feki, zile za kughushiwa zinazouzwa kwa siri. Sasa mama anaombwa aridhie mtoto wake aingie kwenye utafiti, na karatasi inamwambia huenda akapewa dawa ya kughushi. Atatia sahihi vipi?

Angeweza kufanya mambo mawili mabaya. La kwanza, kuandika "dawa bandia" na kunyamaza kwa kuwa ndivyo nilivyoandika mimi. La pili, kubadilisha kimya kimya, na hapo fomu ya awamu ya kwanza ingesema hivi na ya pili vile, mtu angedhani ni vidonge vya aina mbili. Aliacha neno lililoidhinishwa mahali pake, akaweka maelezo pembeni ya kipande, na akamwandikia bibi wa miradi mistari minne: neno hili kwa wasomaji wa pwani lina maana ya kughushi, napendekeza "dawa isiyo na kiambato cha kutibu", nimeacha la zamani mpaka mteja aamue, likibadilishwa, libadilishwe pia kwenye awamu ya kwanza, mahali saba.

Alikuwa amehesabu mahali palipo neno hilo kwenye kazi yangu mimi.

Jumatatu tarehe 22 saa tatu asubuhi nilifungua kompyuta, nyumba ikiwa bado inanuka udi na mikeka iko juani. Kulikuwa na barua ya mteja, amekubali. Nikafungua awamu ya kwanza, nikabadilisha pale mahali saba. Kwa kweli palikuwa nane, moja ilikuwa kwenye maelezo ya chini ya jedwali, na nilimpigia simu kumwambia ili nami nipate cha kumkosoa. Akacheka. Kisha nikafungua jedwali la istilahi, nikafuta "dawa bandia", nikaandika maneno yake, na kwenye safu ya aliyependekeza nikatia jina lake.